Ndugu niliyemfanya kaka

Simu ya wakili iliingia nikiwa katikati ya kazi nyingine kabisa. "Samahani, ndugu mfasiri," alianza. "Ukurasa wa kwanza wa tafsiri yako unasema mama mzazi wa mteja wangu alifariki zamani. Ukurasa wa tatu huyo mama yuko hai, anamfungulia mlango. Halafu fomu ya familia ina dada, maelezo yana kaka. Leo kahojiwa karibu saa mbili, na muda mwingi umeishia kwenye hayo mawili. Naomba uniangalizie."

Nilijibu kwa ujasiri wa mtu ambaye hajaangalia chochote: nimetafsiri kilichoandikwa. Nikakata simu, nikafungua faili.

Kazi yenyewe ilikuwa maelezo ya mwomba hifadhi, kurasa sita za mwandiko wa mkono kwa Kiswahili, nami nilitakiwa kuyapeleka Kifaransa. Majina yote yalikuwa yamefutwa kabla hayajanifikia ili kulinda watu, na hapo ndipo shida ilipoanza, ingawa wakati ule niliona ni nafuu. Jina la mtu hubeba jinsia yake mara nyingi. Likiondolewa kwenye maandishi ya Kiswahili, kinachobaki ni "a-", "-m-", "yeye" na "-ake", na vyote hivyo havijui mwanamume wala mwanamke. Kifaransa hakikubali hali hiyo. Ukisema mtu kachoka, lazima useme kama ni *fatigué* au *fatiguée*. Roman Jakobson, mwanaisimu, aliandika mwaka 1959 kwamba lugha hutofautiana hasa katika yale zinayolazimika kuyasema, si katika yale zinazoweza kuyasema. Nilikuwa naijua kauli hiyo tangu masomoni. Kuijua hakukunizuia kufanya nilichofanya.

Kifungu cha ukurasa wa tatu kilisomeka hivi:

"Tulifika usiku. Nikabisha hodi, nikasema shikamoo mama, samahani kwa usumbufu. Akaitika marahaba mwanangu, ingieni. Mama akatuonyesha pa kulala. Ndugu yangu alikuwa amechoka sana, hakula."

Msomaji wa Kiswahili haoni tatizo lolote hapo. Ukurasa wa pili ulikuwa umeshataja "mama mmoja mwenye nyumba" waliyeelekezwa kwake, na huyu wa ukurasa wa tatu ni yeye yule. Mimi nilitafsiri ukurasa wa pili jioni, nikalala, nikaendelea asubuhi na ukurasa wa tatu. Nilipokutana na "mama" peke yake, bila "mmoja" na bila "yule", mkono uliandika *ma mère*. Kosa lina sababu yake, kwa kuwa Kiswahili kinaruhusu: mtu akikwambia "mama kasema nirudi mapema," anamsema mama yake mzazi ingawa hakusema "yangu". Neno hilohilo lililo tupu ndilo tunalomwitia mwanamke yeyote mzima kwa heshima. Kinachotenganisha matumizi hayo mawili ni nani ametajwa kabla, na mimi nilikuwa nimelala katikati.

Kibaya zaidi, salamu ilikuja kulithibitisha kosa langu. "Marahaba mwanangu" nikaiandika kwa "mwanangu" wa kuzaa, *mon enfant*, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaweka *ma mère* kwenye sentensi iliyotangulia, aliyesoma Kifaransa aliona mama na mtoto wake mlangoni usiku, kila mmoja akimwita mwenzake kwa jina la uzazi. Afisa aliyeuliza "mbona ulisema mama yako alifariki?" aliuliza swali la haki kabisa. Mteja, nilivyosimuliwa, alijibu kwamba ndiyo, mama yake alifariki, na huyo alikuwa mama tu. Mkalimani wa siku hiyo akalitafsiri jibu hilo neno kwa neno, na sina haja ya kueleza lilisikikaje.

Kurekebisha sehemu hii hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa. "Mama" wa heshima ni *madame*. Shikamoo haina mwenzake katika Kifaransa, na usijaribu kuibuni: ukiandika maana yake ya asili utamfanya msemaji aonekane anapiga magoti. Inachobeba shikamoo ni kwamba mmoja ni mdogo na mwingine ni mkubwa, na kwamba mdogo ndiye anayeanza. Kifaransa kinaweza kulibeba jambo hilo kwa njia nyingine, kwa kutokulingana kwa namna wanavyoitana: huyu anasema *madame* na *vous*, yule anajibu kwa *mon enfant*. *Mon enfant* ileile iliyonichongea inakuwa sahihi mara *ma mère* inapoondoka, kwa sababu mwanamke mzee Mfaransa naye anaweza kumwambia hivyo mtu asiye wake.

Palikuwa na mtego mmoja zaidi ndani ya neno dogo "ingieni". Niliandika *entrez*. Kisarufi ni sawa. Lakini *entrez* inaweza kuwa wingi, na inaweza kuwa umoja wa heshima, na baada ya *mon enfant* msomaji anaona mtu mmoja tu akikaribishwa. Ndugu aliyesimama pembeni katoweka kwenye eneo la tukio. Nilitaka kuongeza "nyote wawili", nikakuta Kifaransa kinaniuliza tena: *tous les deux* kama kuna mwanamume hata mmoja, *toutes les deux* kama wote ni wanawake. Mwishowe nikaandika *entrez, vous deux*. Maneno hayo yana wawili ndani yake na hayana jinsia. Nilitumia kama dakika ishirini kwenye neno moja la herufi saba, na sijutii hata moja.

Nikaja kwenye "ndugu".

Katika kurasa sita neno hilo lilikuwa limetokea mara tisa, na mara zote tisa nilikuwa nimeandika *mon frère*. Nilijiuliza nilipata wapi huyo kaka. Sikumpata popote. Neno "ndugu" halisemi kaka wala dada. Linasema mtu mmefungamana kwa ukoo, na hata hilo si lazima: wakili aliponiita "ndugu mfasiri" hakuna aliyedhani tumezaliwa pamoja. Mimi nilichukua maana ya kwanza iliyonijia, na iliyonijia ilikuwa ya kiume, kama ambavyo "mtu mmoja mwenye daftari" wa ukurasa wa nne nilimgeuza *un homme* bila kufikiri hata sekunde. Ndivyo mkono unavyofanya ukiachwa peke yake. Asiyetajwa jinsia hugeuzwa mwanamume, isipokuwa kama anapika au ananyonyesha.

Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa kwenye karatasi. Ukurasa wa nne: "Akamuuliza ndugu yangu kama ameolewa. Akasema bado." Tunasema Kiswahili hakina jinsia, na kwenye viwakilishi ni kweli, lakini kitenzi hiki kimoja kinaibeba wazi kabisa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. (Mwanamume akisemwa ameolewa, hiyo ni kejeli, na anayesemwa anaijua.) Mimi niliandika *s'il était marié*, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua tangu ukurasa wa kwanza, na Kifaransa kinatumia kitenzi kimoja kwa wote wawili. Ushahidi ulipita mbele ya macho yangu nikaufuta mwenyewe, tena kwa sentensi fasaha.

Tangu siku hiyo situmii tena utaratibu wa kusoma huku natafsiri. Nasoma maandishi yote kwanza, kalamu mkononi, nikitafuta maneno ya aina hiyo tu. Oa na olewa. Acha na achika, kwa kuwa aliyeachika ni mwanamke. Shangazi na mjomba, ambao pamoja na jinsia yao wanakwambia ni upande wa baba au wa mama. Neno ninalolipenda kuliko yote ni "wifi", kwa sababu linafichua watu wawili kwa mpigo: ni neno la mwanamke kwa mwanamke, hivyo mwandishi akisema "wifi yangu" amekwambia jinsia yake mwenyewe bila kukusudia. "Shemeji" halina msaada huo hata kidogo. Anaweza kuwa yeyote, na anayemwita hivyo pia anaweza kuwa yeyote. Hata olewa ina mipaka yake, maana wengi siku hizi wanaandika "amefunga ndoa" au "wameoana", na hapo dirisha limefungwa.

Ninachokiona nakiandika kwenye jedwali lenye safu nne: mtu huyu ni nani, ametajwa kwa neno gani la Kiswahili, jinsia yake nimeijulia wapi, na anaitana vipi na wengine. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Siruhusiwi kuandika "me" au "ke" bila namba ya ukurasa na mstari. Kama sina mstari, naacha wazi. Kwa maelezo yale ya kurasa sita jedwali lilikuwa na watu saba, na nilipomaliza kulijaza, wanne tu ndio waliokuwa na ushahidi. Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa imewapa jinsia wote saba.

Kusahihisha dada kulinionyesha pia kwa nini kosa hili haliwezi kufutwa kwa kubadilisha neno moja kwenye kompyuta. Chukua sentensi fupi tu, "Ndugu yangu alikuwa amechoka sana, hakula." Nilikuwa nimeandika *Mon frère était très fatigué, il n'a pas mangé.* Iliposahihishwa ikawa *Ma sœur était très fatiguée, elle n'a pas mangé.* Maneno manne yamebadilika kwa ajili ya ndugu mmoja. Katika kurasa zote nilihesabu sehemu arobaini na moja, na mbili nilizikosa kwenye mzunguko wa kwanza kwa sababu zilikuwa herufi *e* moja mwishoni mwa kitenzi, mbali na jina linalokihusu.

Swali gumu zaidi ni la wale watatu waliobaki bila ushahidi. Njia ya kwanza ni kuuliza, na ni aibu iliyoje kwamba wafasiri wengi, mimi nikiwemo, tunaona kuuliza ni kukiri kutojua. Nilimwandikia wakili maswali matatu, akanipelekea kwa mteja. Nimejifunza namna ya kuyaandika. Sikuuliza "mwenye daftari alikuwa mwanamume?" kwa sababu mtu aliyechoka na mahojiano atajibu ndiyo ili yaishe. Niliuliza: "Huyu mwenye daftari, ungekutana naye ungemsalimia vipi?" Jibu likaja: hakumbuki, kulikuwa giza, na mtu alikuwa amejifunika.

Basi na Kifaransa kibaki gizani. *Un homme* ikawa *quelqu'un*, yaani mtu fulani. *Une personne* ingefaa pia, lakini ina tabia yake: neno hilo ni la kike kisarufi, hivyo sentensi inayofuata inalazimika kusema *elle*, na baada ya *elle* tatu msomaji ameshaona mwanamke. Kwa hiyo nikilitumia, silifuatishi na kiwakilishi, narudia jina au napindua sentensi. "Akatuuliza" ikawa *on nous a demandé*, yaani tuliulizwa. "Mtoto wa jirani" ilinipa kazi zaidi. Mtoto mwenyewe anajificha vizuri, kwani *l'enfant* imemeza irabu ya *le* au *la* na haionyeshi kitu. Jirani hajifichi, ni *le voisin* au *la voisine*. Nikaandika *l'enfant d'à côté*, mtoto wa nyumba ya pili, nikashukuru kwamba mtoto huyo hakuwa na sifa yoyote kwenye maelezo, maana sifa moja tu ingemtoa nje.

Hila moja imenisaidia sana kwa nafsi ya kwanza, pale ambapo sijui jinsia ya anayesimulia. Vitenzi vya Kifaransa vinavyotumia *être* kwa wakati uliopita vinamfichua msemaji kwenye maandishi: *je suis parti* au *partie*. Vinavyotumia *avoir* havimfichui. Hivyo "niliondoka nyumbani" naiandika *j'ai quitté la maison*. "Niliogopa" naifanya *j'ai eu peur*, wala si sifa inayodai mwisho wa kike au wa kiume. Ukurasa mzima unaweza kuandikwa hivyo na msomaji asihisi kitu. Lakini siipendekezi kwa kila kazi. Katika hadithi, kukwepa kwa kurasa arobaini kunaanza kunuka, lugha inakuwa ya mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Katika maelezo ya kisheria ni kinyume, heri sentensi ikwaruze kuliko iseme kisichosemwa. Na palipo na shaka inayoweza kumgharimu mtu, siku hizi naweka tanbihi fupi kwenye mabano ya mraba: neno la asili ni hili, halitaji jinsia. Nilikuwa naona tanbihi ni kushindwa kwa mfasiri. Kama ningeiweka moja kwenye "ndugu" ya kwanza, yale mahojiano yangekwenda kwingine.

Kwa njia, nimekuwa nikiandika "wakili" na "mteja" tangu mwanzo, na sijakwambia hata mmoja wao ni mwanamume au mwanamke. Kama umeshawapa sura, ujue mkono wangu ulifanya hivyohivyo.

Baadaye nikapewa pia kazi ya kurudi: kumbukumbu ya mahojiano, iliyoandikwa kwa Kifaransa, itafsiriwe kwa Kiswahili ili mteja aisome kabla ya kusaini. Huku tatizo liligeuka. Afisa alikuwa amesema *vous* mwanzo hadi mwisho, kama inavyotakiwa ofisini. Rasimu ya mfasiri aliyenitangulia, aliyeiacha njiani, ilikuwa imehamisha *vous* hiyo kuwa wingi: "Mliondoka lini? Mlilala wapi?" Nadhani alitaka kuhifadhi heshima, na wapo wasemaji wanaomwambia mkwe au mkubwa mmoja kwa wingi. Lakini huyu alikuwa na ndugu yake safarini. Mtu aliyesafiri na mwenzake akisoma "mlilala wapi" ataona ameulizwa habari za wawili, na jibu lake lililo chini, "nililala sebuleni", litaonekana kama anamficha mwenzake. Heshima ya Kifaransa ingezaa uongo wa Kiswahili.

Nikarudisha umoja wote. Umoja wa Kiswahili hauna utovu wa adabu ndani yake, utovu unaingia ukiongeza kiwakilishi. "Uliondoka lini?" ni swali la kawaida kwa mtu yeyote, hata mzee. "Wewe uliondoka lini?" tayari ina kidole kinachonyooshwa. Kwa hiyo kila *vous* ikawa "u-" ndani ya kitenzi na "wewe" sikuiandika hata mara moja, na pale afisa alipoanza mada mpya niliweka "tafadhali eleza" au "naomba ueleze", kwani kwetu adabu ya swali inakaa kwenye namna ya kuomba. Palikuwa na mahali pamoja tu, karibu na mwisho, ambapo Kifaransa chenyewe kilikaza sauti, *vous, vous dites que…* Hapo niliiandika "wewe". Afisa alikuwa amekasirika, na mteja ana haki ya kuliona hilo kabla hajasaini.

Tafsiri mpya ya maelezo niliituma pamoja na barua ya ukurasa mmoja. Nilieleza kwamba *ma mère* na *mon frère* yalikuwa maneno yangu, si ya mteja, nikanukuu mistari ya asili na kuonyesha "ameolewa" ilipo. Wakili aliambatanisha vyote.

Siku mbili baadaye akapiga tena. "Ndugu mfasiri, moja la mwisho. Nilimsomea ile tanbihi yako mteja, kwamba ndugu ni dada. Akakubali. Halafu akaongeza kwamba ni mtoto wa baba yake mdogo."

Nilifungua faili mara ya tatu. Kwa Kiswahili binti wa baba mdogo ni dada, na mteja hakudanganya popote, si kwenye maelezo wala kwenye fomu. Kwa Kifaransa huyo ni *cousine*, na fomu ya familia, ambayo sikuitafsiri mimi, ilikuwa na *sœur*. Nilirudi kwenye jedwali, safu ya pili, nikaongeza maneno "binti wa baba mdogo", kisha nikaanza kuandika tanbihi nyingine.